Antibiotiki ya upasuaji hutolewa kabla ya kupasuliwa

Mama aliyejifungua kwa upasuaji akiruhusiwa kwenda nyumbani bila antibiotiki, jamaa zake huenda wakakimbilia kemisti za Busia au Malaba kumnunulia vidonge vya siku saba, wakihofia kidonda kitaoza. Lakini kinga hiyo anapaswa kuipata kabla ya kupasuliwa.

Bakteria huingia kidonda kikiwa wazi. Kwa hivyo dawa inapaswa kuwa imeshaenea mwilini daktari anapoanza kukata. Shirika la Afya Duniani linashauri itolewe ndani ya saa mbili kabla ya kupasua. Kwa mtu mzima, dawa inayotumika sana ni sefazolini, gramu 2 kupitia mshipa, kwa kuwa huua bakteria wengi wanaoishi kwenye ngozi. Hurudiwa iwapo upasuaji utapita saa nne au damu nyingi itapotea.

Kidonda kikishashonwa, vidonge vya ziada haviongezi kinga. Huweza kuleta kuharisha na kuwapa bakteria usugu.

Hospitali ya Thika ilibadilisha utaratibu, dawa ikatolewa kabla ya upasuaji badala ya baada yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa maambukizi ya sehemu ya juu ya kidonda yalipungua.

Aliyekuwa tayari na maambukizi, kwa mfano kidoletumbo kilichopasuka, huhitaji matibabu ya siku kadhaa, naye amalize dawa alizoandikiwa.

Ukiona usaha, homa, wekundu unaoenea au maumivu yanayozidi, rudi hospitalini, usiende kemisti.