Kuweka Mchoro wa Kiwanja Mahali Pake Halisi

Mfano. Mpimaji ardhi amekupa bikoni mbili za kiwanja kilichopo Morogoro, kwa mita, katika gridi ya UTM, kanda ya 37 Kusini:

A: mashariki 352,418.37; kaskazini 9,246,105.62
B: mashariki 352,448.37; kaskazini 9,246,105.18

Namba ya kaskazini isikutishe. Kusini mwa Ikweta, gridi hii huipa Ikweta yenyewe 10,000,000, kisha namba hupungua kadiri unavyokwenda kusini.

Sasa angalia kompyuta inavyozitunza. Programu nyingi za kuchora hutunza kila namba kwa biti 64, na hizo zinatosha. Lakini kazi ya kuonyesha mchoro kwenye skrini mara nyingi hufanyika kwa biti 32, ambazo hubeba takribani tarakimu saba tu. Kuanzia 8,388,608, namba ya biti 32 haina nafasi ya desimali: hupanda kwa mita 1 nzima. Tanzania Bara yote ina namba za kaskazini zilizo juu ya hapo.

Kwa hiyo kaskazini ya A inakuwa 9,246,106 na ya B inakuwa 9,246,105. Tofauti ya kweli ni mita 0.44, kompyuta inaona mita 1. Upande wa mashariki hauumii sana, kwa sababu namba ni ndogo na hatua yake ni kama sentimita 3. Dalili utaziona mwenyewe: duara linakuwa na kona kona, na mistari inatetemeka ukikuza mchoro.

Dawa ni kutoa namba moja isiyobadilika kabla ya kuchora. Hapa tunatoa 352,000 mashariki na 9,246,000 kaskazini:

A: 418.37, 105.62
B: 448.37, 105.18

Andika namba ulizotoa kwenye mchoro wenyewe. Ukitaka mahali halisi, unazijumlisha tena. Kutoa baada ya namba kuingia kwenye biti 32 hakusaidii, maana desimali zimeshapotea. Watahiniwa wengi hukosea hapo.

Mchoro wa nyumba uliochorwa kuanzia sufuri, sufuri, unahitaji nukta mbili. Sogeza kona yake ya A ikae juu ya bikoni A, kisha uzungushe mpaka upande wa AB uelekee bikoni B. Pima AB: lazima iwe mita 30.00. Ukipata 30,000, mchoro ulichorwa kwa milimita; upunguze mara 1,000. Ukipata 29.60, usiuvute ufike. Kuna kipimo kilichokosewa, na kuvuta kutaharibu kila chumba.

Swali. Vikundi viwili vimepima pande mbili za barabara moja. Michoro ilipounganishwa, imeachana kwa mita 1,000 kamili kuelekea kaskazini. Eleza sababu.

Jibu. Kosa la upimaji ni nadra kutoa namba kamili hivyo. Kikundi kimoja kilitoa 9,246,000 na kingine 9,245,000. Mchoro wa kundi la pili upunguzwe 1,000 upande wa kaskazini, kisha wote watumie namba moja.