Melatonini si Dawa ya Kulaza: Saa ya Kumeza Huzidi Wingi wa Miligramu

Maswali mengi tunayopokea kuhusu vidonge vya usingizi huanza na kipimo: je, miligramu tatu zinatosha, au ninunue zile za kumi? Kwa melatonini, swali la kwanza lingepaswa kuwa jingine, nalo ni saa ngapi kidonge kimezwe. Katika somo hili tunaeleza sababu yake, kisha tunafuata mfano wa mfanyakazi wa zamu za usiku katika kituo cha kuzalisha umeme cha bwawa la Mtera. Mfanyakazi huyo ni wa kubuni, lakini tatizo lake linafahamika kwa walinzi, wauguzi na madereva wa usiku kote nchini.

Tuanze na dawa za kulaza zenyewe. Diazepamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Valiamu, huipa nguvu kemikali ya ubongo ambayo kazi yake ni kutuliza mishipa ya fahamu. Aliyeimeza husinzia, iwe ni usiku wa manane au saa sita mchana, kwa kuwa dawa hiyo haiangalii saa. Kadiri kipimo kinavyoongezeka ndivyo utulivu unavyozidi, na ukizidi mno pumzi hupungua, hasa dawa ikichanganywa na pombe au na dawa kali za maumivu. Diazepamu pia hukaa mwilini kwa muda mrefu. Kiasi kilichomo katika damu huchukua takribani saa 20 hadi 50 kupungua kwa nusu, na katika kuvunjwavunjwa kwake huzaa kemikali nyingine yenye nguvu ambayo hudumu zaidi ya hapo. Aliyeimeza Jumatatu usiku bado anayo mwilini anapokamata usukani Jumanne jioni. Akiitumia kila siku kwa wiki kadhaa, mwili huizoea, na akiiacha ghafla anaweza kukosa usingizi kuliko mwanzo, kutetemeka, hata kupata degedege. Kwa sababu hizo hutolewa kwa cheti cha daktari, na anayetaka kuiacha hupunguziwa kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Melatonini ni homoni ambayo mwili huitengeneza wenyewe, katika tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo. Huanza kupanda giza linapoingia, takribani saa mbili kabla ya wakati ambao mtu amezoea kulala, hufika kilele katikati ya usiku, na hushuka kuelekea asubuhi. Mwanga mkali huizuia. Kazi yake ni kuutangazia mwili kwamba usiku umeingia, mfano wa adhana ambayo huwajulisha watu wakati bila kumshika mtu mkono na kumpeleka msikitini. Ndiyo maana anayeitumia kama dawa ya kulaza mara nyingi huvunjika moyo: tafiti zilizojumlishwa pamoja zilionyesha kwamba, kwa wastani, huharakisha kupata usingizi kwa dakika saba hivi tu. Uwezo wake mkubwa zaidi uko katika kuisogeza saa ya mwili.

Usogezaji huo una mwelekeo. Melatonini ikimezwa saa nne hadi sita kabla ya muda ambao mwili umezoea kulala, saa ya mwili husogea mbele, na usingizi wa siku zinazofuata huja mapema zaidi. Ikiwemo mwilini asubuhi, saa hiyo hurudi nyuma, na usingizi huchelewa. Kidonge kilekile, kwa kipimo kilekile, huleta matokeo yanayopingana kulingana na saa ya kumezwa.

Sasa tumchukue mfanyakazi wetu wa Mtera. Amemaliza kipindi kirefu cha zamu za usiku na ana wiki nzima ya mapumziko kabla ya kuanza zamu za mchana. Anapanda kitandani saa nne usiku, lakini usingizi haumjii hadi saa tisa usiku, naye huamka mwenyewe saa tano asubuhi. Ana vidonge vya miligramu tano. Saa nane usiku, baada ya kuchoka kugeuka geuka kitandani, anameza kimoja. Hapo usiku wa mwili wake umekwisha kuingia, kwa hiyo kidonge hakina habari mpya ya kuutangazia. Kwa kuwa kipimo ni kikubwa, mabaki yake huendelea kuwamo hadi asubuhi, na huko huivuta saa ya mwili nyuma. Anaamka na kichwa kizito, na usiku unaofuata hali ni ileile au mbaya zaidi. Akipandisha hadi miligramu kumi, anaongeza mabaki yaleyale.

Njia iliyo sahihi huanza na muda anaolala kweli, si ule anaoutamani. Huo ni saa tisa usiku. Akihesabu saa tano kurudi nyuma anapata saa nne usiku, na hapo ndipo pa kumeza nusu miligramu. Asitarajie kusinzia papo hapo usiku huo wa kwanza. Kila siku inayofuata asogeze muda wa kumeza na wa kulala mapema kwa saa moja au pungufu, na apunguze taa na simu baada ya kumeza. Mwanga wa jua nao una saa yake: siku ya kwanza atoke nje anapoamka, saa nne au saa tano asubuhi, kisha asogee mapema siku baada ya siku. Akijilazimisha kukaa juani saa kumi na mbili alfajiri tangu siku ya kwanza, mwili wake, ambao bado uko katikati ya usiku wake, utauchukua mwanga huo kama jioni na kuchelewa zaidi. Kuisogeza saa ya mwili kutoka saa tisa hadi saa nne usiku huchukua siku tano au zaidi. Mwenye mapumziko ya siku mbili tu kabla ya kurudi zamu ya usiku asianze kabisa.

Kuhusu kipimo, uchambuzi wa tafiti za wasafiri wa ndege za mbali uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa nusu miligramu na miligramu tano zilisaidia karibu sawa katika kurekebisha saa ya mwili. Kubwa ilileta usingizi haraka zaidi, na iliyozidi tano haikuongeza manufaa.

Kuna ugumu mmoja madukani. Melatonini nyingi huletwa kutoka nchi zinazoiuza kama kirutubisho, na lebo si ya kuaminiwa sana. Watafiti wa Kanada walipopima bidhaa 31 mwaka 2017, walikuta nyingine zina pungufu ya kilichoandikwa kwa asilimia 83, na nyingine zimezidi kwa asilimia 478. Nunua kwa mfamasia mwenye leseni, chagua kipimo kidogo, na usikate wala kusaga vidonge vinavyoachia dawa polepole. Usiendeshe chombo kwa saa nne au tano baada ya kumeza. Mjamzito, anayenyonyesha, na anayetumia warfarini au fluvoksamini amwone daktari kwanza, na anayetumia diazepamu asiiache ghafla kwa kudhani melatonini itashika nafasi yake.