Kuhifadhi Alama ya «Ndogo Kuliko» Tunapohamisha Jedwali la Takwimu

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuhamisha jedwali lililopigwa skani hadi kwenye lahajedwali la kompyuta bila kupoteza maana ya maingizo yasiyo namba kamili.

Tuchukue zoezi tulilolitunga sisi wenyewe, la floridi katika maji ya visima vinne, kwa miligramu katika lita. Kisima A kina 0.8, B kina <0.2, C kina 1.2-1.6, na D kina 2.4. Ingizo la B halisemi kwamba floridi haimo. Lasema kwamba kifaa hakikuweza kupima chini ya 0.2.

Wanafunzi wengi hufuta B na kuandika 1.4 mahali pa C. Wastani wa visima vitatu vilivyosalia huwa 1.53, yaani juu ya 1.5, kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani. Kijiji chaweza kuhukumiwa kwa kosa la mnakili.

Njia ifaayo ni kuhifadhi maandishi ya asili katika safu yake, kisha kuongeza safu mbili za mipaka:

```
kisima,asili,chini,juu
A,0.8,0.8,0.8
B,<0.2,0,0.2
C,1.2-1.6,1.2,1.6
D,2.4,2.4,2.4
```

Jumla ya safu ya chini ni 4.4, na ya juu ni 5.0. Basi wastani wa kweli hauwezi kuwa chini ya 1.1 wala juu ya 1.25. Tukiuliza ni visima vipi vinavyozidi 1.5, majibu yatakuwa ya namna tatu: D ndiyo; A na B hapana; C haijulikani. Kabla ya kumwandikia C jibu hilo, tusome maelezo yaliyo chini ya jedwali. Ikiwa 1.2-1.6 ni vipimo vya majira mbalimbali, basi C huzidi nyakati fulani.

Ingizo lenye alama > huachiwa mpaka wa juu mtupu. Nafasi iliyo tupu katika asili huachwa tupu pia, haijazwi sifuri.

Hatari iliyobaki ni ya mashine. Programu ya kusoma maandishi yaweza kuiona < kuwa herufi c au mabano, na kukipoteza kistari, hata 2-4 ikawa 24. Lahajedwali nalo laweza kuigeuza 2-4 kuwa tarehe. Kwa hiyo safu ya asili ipangwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika chochote. Mwishowe wanafunzi wahesabu alama za < katika picha na katika safu ya asili. Hesabu zikitofautiana, warudi kwenye picha, mstari kwa mstari.