Mashine ya Altrasaundi Kituoni: Je, Itajilipa?

Katika mikutano ya hadhara swali hili hurudi kila mara: kwa nini kituo chetu cha afya kisinunue mashine ya altrasaundi, ilhali wagonjwa watalipia kipimo na fedha zitarudi? Makala haya yanaonesha namna wataalamu wa mipango wanavyolipima swali hilo. Tarakimu zilizotumika ni za mfano, si bei ya mzabuni yeyote.

Tuchukue kwamba mashine, pamoja na kidhibiti umeme na mafunzo, inagharimu shilingi milioni 36 na itadumu miaka mitano. Mgonjwa analipa shilingi 15,000. Katika kila kipimo, jeli, karatasi na umeme vinakula shilingi 5,000, hivyo zinabaki 10,000. Matengenezo yanahitaji milioni 4 kila mwaka, wagonjwa waje au wasije. (Mshahara wa mpimaji hauko humu, kwa kuwa hulipwa na Serikali Kuu.)

Wakija wagonjwa 1,200 kwa mwaka, takriban watano kwa siku ya kazi, zitabaki milioni 12. Tukitoa matengenezo, milioni 8. Kwa miaka mitano ni milioni 40. Wengi huishia hapo na kutangaza faida ya milioni 4.

Hesabu hiyo ina kasoro, kwani inaichukulia shilingi itakayopatikana mwaka wa tano kuwa sawa na shilingi inayotolewa leo. Milioni 36 za leo zimekopwa kwa riba, au zimeondolewa katika shughuli nyingine ambayo ingezaa. Tukikadiria gharama hiyo ya kusubiri kuwa asilimia 10 kwa mwaka, milioni 8 za mwaka wa kwanza tunazigawa kwa 1.1, nazo zina thamani ya milioni 7.27 leo. Za mwaka wa pili tunazigawa kwa 1.1 mara mbili, tunapata milioni 6.61. Tukiendelea hivyo, za mwaka wa tano zinabaki milioni 4.97 tu. Jumla ya miaka yote ni milioni 30.3. Ile faida ya milioni 4 imegeuka upungufu wa karibu milioni 5.7.

Ili mashine ijilipe kwa kipimo hiki, panahitajika wagonjwa wapatao 1,350 wanaolipa kila mwaka. Neno la kuzingatia hapo ni “wanaolipa”.

Sera ya afya inawasamehe ada wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma, na wajawazito ndio wateja wakubwa wa altrasaundi. Tuseme mashine imependwa na inapima watu 1,800 kwa mwaka, lakini 600 kati yao wana msamaha. Wale 1,200 wanaleta milioni 12. Wale 600 hawaleti kitu, ila kila mmoja anatumia vifaa vya shilingi 5,000, yaani milioni 3. Matengenezo yakiondolewa, inabaki milioni 5 kwa mwaka, ambayo kwa thamani ya leo ni milioni 19 kwa miaka yote. Benchi la kusubiria limejaa, na upungufu umefika milioni 17.

Kwa maoni ya mwandishi, jibu hilo halimaanishi mashine isinunuliwe. Linataja kiasi ambacho Halmashauri inapaswa kukitenga waziwazi kutoka mapato ya ndani kwa ajili ya wajawazito hao. Kisipotengwa, kitakachokosekana kwanza ni jeli na karatasi, kisha fundi, na mashine itafunikwa kitambaa ingali nzima.

Idadi ya wagonjwa nayo haipaswi kukisiwa kwa matumaini. Daftari la rufaa la kituo linaonesha ni wangapi waliandikiwa altrasaundi mwaka uliopita na kupelekwa kwingine. Kamati ya usimamizi wa kituo iwahesabu mwezi kwa mwezi, ikiwatenga wenye msamaha na wanaolipa. Mwezi wa mavuno au wa mvua kubwa peke yake utaipotosha hesabu. Mwaka wa kwanza pia ukadiriwe chini, kwa sababu watu huchukua muda kuzoea huduma mpya.

Jambo la mwisho husahaulika hata mezani kwa wataalamu. Iwapo wagonjwa wanaolipa leo wanapimwa katika hospitali ya wilaya, ada yao tayari inaingia katika Halmashauri ileile. Wakihamia kituoni, mgonjwa ataokoa nauli na siku nzima ya safari, ila Halmashauri haitakuwa imepata shilingi mpya. Katika hesabu ya kituo ataonekana kuwa pato. Katika hesabu ya wilaya, wahesabiwe wale tu ambao hapo awali hawakupimwa kabisa au walikwenda kwa watoa huduma binafsi.