Ekari mbili nyumbani: mahindi au vitunguu?

Ndugu zetu, kabla hujatuma hela ya shamba, tupige hesabu ya kila zao kwa ekari moja: mauzo, toa mbegu, mbolea, dawa, vibarua na magunia. Kinachobaki ni faida ghafi. Kodi ya shamba usiiweke, maana unailipa hata ukipanda nini.

Tuchukulie mfano. Mahindi: mauzo 900,000, gharama 400,000, yanabaki 500,000. Vitunguu: mauzo 2,800,000, gharama 1,600,000, inabaki 1,200,000.

Vitunguu vimeshinda? Ngoja kwanza. Una 1,400,000 tu. Ukiweka yote kwenye vitunguu, hufikishi hata ekari moja. Utapata 1,050,000 na eneo lililobaki litaota majani. Ukipanda nusu ekari ya vitunguu na moja na nusu ya mahindi, hela inatosha kamili, na unapata 1,350,000.

Halafu rudia hesabu kwa bei mbaya. Bei ya vitunguu ikishuka nusu, kila ekari inakula hasara ya 200,000. Kwa hiyo muulize anayesimamia shamba bei ya msimu wa mavuno, siyo ya leo.