Kadi ya Kumbukumbu na Umeme Unaokatika: Namna ya Kuilinda Kompyuta ya Ubao Mmoja

Kompyuta ya ubao mmoja ni kompyuta kamili ambayo viungo vyake vyote vimepangwa juu ya ubao mdogo unaotosha katika kiganja. Iliyo maarufu kuliko nyingine ni Raspberry Pi, iliyoanza kuuzwa nchini Uingereza mwezi wa Februari 2012. Kwa kawaida ubao huu hauna diski. Mfumo endeshi, programu na takwimu hukaa katika kadi ndogo ya kumbukumbu, ya aina ile ile itumikayo katika simu na kamera. Mpango huu umeufanya ubao uwe wa bei nafuu, lakini umeupa pia udhaifu mmoja: umeme ukikatika wakati usiofaa, yaliyomo katika kadi huweza kuharibika na kompyuta isiwake tena.

Ili jambo hili lieleweke, na uchukuliwe mfano wa kituo cha kupimia mvua kilicho mbali na mji. Kituo kina Raspberry Pi 4 inayoandika kipimo kila dakika, na fundi hukifikia mara moja tu kwa mwezi. Kadi ikiharibika siku ya pili baada ya fundi kuondoka, mvua ya mwezi mzima itanyesha bila kuandikwa, wala hakuna njia ya kuipima upya.

Safari ya kuwaka

Umeme unapofika, programu ndogo iliyomo katika ubao wenyewe huanza kazi. Programu hiyo huitafuta kadi na kulisoma fungu la kwanza, ambalo limepangwa kwa utaratibu uitwao FAT. Humo husomwa maagizo yaliyo katika faili `config.txt`, kisha faili `start4.elf`, na mwisho kiini cha mfumo endeshi, kwa mfano `kernel8.img`. Kiini kikishapanda katika kumbukumbu ya muda, hulifungua fungu la pili, lililopangwa kwa utaratibu wa ext4, ambamo programu zote nyingine zimo.

Mafungu haya mawili hayana kinga sawa. Fungu la ext4 lina daftari la ndani: mabadiliko ya mpangilio wa faili huandikwa kwanza katika daftari hilo, ili umeme ukikatika, kompyuta iweze kuyakamilisha au kuyaacha itakapowaka. Fungu la FAT halina daftari. Kiini kipya kikiwa kinanakiliwa humo na umeme ukakatika katikati, hubaki nusu ya faili, na nusu ya kiini haiwezi kuiwasha kompyuta.

Kwa nini kadi huharibika

Wengi hudhani kwamba umeme ukikatika, kinachopotea ni kile tu kilichokuwa kikiandikwa. Kwa kadi ya kumbukumbu haiwi hivyo kila mara, na sababu yake imo katika maumbile ya kadi yenyewe.

Ndani ya kadi, takwimu huandikwa kwa kurasa, na kurasa nyingi hufanya bloki moja. Ukurasa mtupu huweza kuandikwa peke yake, lakini hauwezi kufutwa peke yake. Hufutwa bloki nzima kwa pamoja, nayo huweza kufikia megabaiti kadhaa. Ni kama mwalimu mwenye kifutio kinachofuta ubao wote kwa mara moja. Akitaka kusahihisha mstari mmoja, hana budi kuinakili mistari mingine mizuri kwenye ubao wa pili, ndipo afute ule wa kwanza.

Kazi hiyo ya kunakili na kufuta hufanywa na kidhibiti kilichomo ndani ya kadi, bila kompyuta kuambiwa. Kidhibiti hicho kina orodha yake inayoonyesha kila kipande cha takwimu kimehamishiwa wapi. Umeme ukikatika wakati kinahamisha kurasa au kinasahihisha orodha, huweza kupotea hata faili iliyoandikwa mwaka uliopita na ambayo hakuna aliyeigusa siku hiyo. Daftari la ext4 haliwezi kuzuia hasara ya namna hii, kwa kuwa lenyewe limo katika kadi hiyo hiyo.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni moja: hatari haiko katika kusoma, bali katika kuandika. Kadi ambayo haiandikwi mara nyingi haina mara nyingi za kukutwa na giza katikati ya kazi.

Kupunguza kuandika

Katika kituo chetu cha mfano, kipimo kimoja ni mstari wa baiti 40. Siku ina dakika 1,440, hivyo takwimu za siku nzima ni baiti 57,600 tu. Lakini mfumo hauandiki baiti 40 peke yake. Huandika kipande kizima cha kilobaiti 4, na pamoja nacho habari za faili na mistari ya daftari. Tukikadiria vipande vinne kwa kila kipimo, yaani kilobaiti 16, kwa siku kadi itaandikwa kilobaiti 23,040, ambazo ni mara 400 ya takwimu zenyewe. Programu ikirekebishwa ivikusanye vipimo kumi katika kumbukumbu ya muda na kuviandika kwa pamoja, kadi itaandikwa mara 144 kwa siku badala ya mara 1,440. Gharama ya mpango huu ni kwamba umeme ukikatika, vipimo vya dakika zisizozidi kumi vitapotea.

Hatua ya pili ni kulifanya fungu la mfumo lisomwe tu. Katika mfumo wa Raspberry Pi hufanywa kwa amri `sudo raspi-config`, kisha `Performance Options`, na `Overlay File System`. Baada ya hapo, kila kinachoandikwa katika fungu la mfumo huwekwa katika kumbukumbu ya muda na hutoweka kompyuta inapozimwa. Takwimu za mvua lazima zipewe fungu lao la pekee linaloruhusiwa kuandikwa. Hapa pana mtego: agizo la `overlayroot=tmpfs` lililo katika faili `cmdline.txt` huyafunika hata mafungu mengine. Ili fungu la takwimu liachwe wazi, agizo hilo huandikwa hivi:

```
overlayroot=tmpfs:recurse=0
```

Fundi asiondoke kabla ya kujaribu. Huunda faili moja katika fungu la mfumo na nyingine katika fungu la takwimu, kisha huiwasha kompyuta upya. Ya kwanza ikiwa imetoweka na ya pili ipo, mpango ni sahihi. Zikitoweka zote mbili, vipimo vya mvua navyo vitatoweka vivyo hivyo.

Kubadili programu bila kuhatarisha kituo

Mfumo uliofungwa hivyo huleta swali jipya: programu zitabadilishwaje? Anayetoa amri ya `sudo apt full-upgrade` huku kifuniko kikiwapo, ataona kazi yote imekwenda vizuri, na kesho atakuta toleo lile lile la zamani. Akikiondoa kifuniko ili abadilishe, basi kwa dakika nyingi kadi itaandikwa kwa wingi, na hasa kiini kitaandikwa katika fungu la FAT lisilo na daftari.

Njia iliyo salama zaidi ni kuwa na mifumo miwili katika kadi moja. Fungu la 1 hubeba faili ndogo ya maelekezo. Fungu la 2 na la 5 ni mfumo wa kwanza. Fungu la 3 na la 6 ni mfumo wa pili. Fungu la 7 ni la takwimu. Fungu la 4 ni ganda tu linaloyabeba hayo matatu ya mwisho. Kompyuta ikitumia mfumo wa kwanza, ule wa pili huandikwa bila kugusa faili hata moja inayotumika. Maelekezo yenyewe huwa katika `autoboot.txt`:

```
[all]
tryboot_a_b=1
boot_partition=2
[tryboot]
boot_partition=3
```

Picha ya mfumo mpya, iliyokwisha kujaribiwa ofisini kwenye ubao wa namna hiyo hiyo, huandikwa katika fungu la 6, kisha hulinganishwa na ile ya asili:

```
sudo dd if=mpya.img of=/dev/mmcblk0p6 bs=4M conv=fsync
sudo cmp -n $(stat -c %s mpya.img) mpya.img /dev/mmcblk0p6
```

Amri ya pili ikinyamaza, nakala ni sawa. Faili za kuwashia nazo hunakiliwa katika fungu la 3, na `cmdline.txt` yake hutaja `root=/dev/mmcblk0p6`. Ndipo hutolewa amri hii:

```
sudo reboot '0 tryboot'
```

Amri hiyo huujaribu mfumo mpya mara moja tu. Ukishindwa, kuwasha upya au kukata umeme na kuurudisha hutosha kuurejesha mfumo wa zamani, kwa maana alama ya jaribio huwa imekwisha kufutwa. Fundi huhakikisha kwa `cat /proc/cmdline` kwamba kompyuta inatumia fungu la 6, hungoja vipimo kadhaa viandikwe, na baada ya hapo tu hubadilishana namba 2 na 3 katika `autoboot.txt`. Hivyo muda wa hatari, uliokuwa dakika nyingi, umepunguzwa ukawa kitambo cha kuandika faili moja fupi.

Mipaka ya kinga hii

Mifumo yote miwili imo katika kadi moja, yenye kidhibiti kimoja. Kidhibiti kikivuruga orodha yake, mifumo yote miwili huweza kuanguka pamoja. Kwa hiyo kadi ya akiba iliyoandaliwa tayari bado ni ya lazima.

Aidha, umeme hafifu ni adui sawa na umeme uliokatika. Raspberry Pi 4 hutaka volti 5.1 na hadi ampia 3. Volti zikishuka chini ya 4.63, ubao hutoa onyo. Amri ya `vcgencmd get_throttled` ikijibu `throttled=0x0`, hakuna lililotokea tangu kompyuta ilipowashwa. Ikijibu `0x50000`, umeme uliwahi kupungua, na waya au chombo cha umeme vichunguzwe kabla ya kadi kulaumiwa.

Kompyuta isipowaka, taa yake ya kijani huzungumza. Mimweko minne mifupi inayorudiwa huonyesha kwamba faili ya `start` haikupatikana. Mimweko saba, kiini hakikupatikana. Katika hali zote mbili lililokosekana limo katika fungu la FAT, na kadi ikichomekwa katika kompyuta nyingine, faili hizo huenda zikarudishwa na takwimu za mvua zikasalimika.

Zoezi

1. Kituo kikikusanya vipimo 30 kabla ya kuandika, kadi itaandikwa mara ngapi kwa siku, na ni vipimo vya dakika ngapi vinaweza kupotea?
2. Eleza kwa nini fundi habadilishani namba 2 na 3 katika `autoboot.txt` kabla ya kuujaribu mfumo mpya.