Mwaka Mmoja wa Tasnifu: Nilivyopanga Ratiba na Bajeti kwa Ajili ya Malolo

Wenzangu wa uzamili, wengi mmeniuliza nimewezaje kukusanya tasnifu tarehe ileile niliyoiandika kwenye andiko langu. Kiukweli ratiba yangu ya kwanza ilikuwa mbovu, na bajeti yangu ya kwanza ilizidi mfuko. Naeleza jinsi nilivyozirekebisha, pamoja na hesabu zenyewe, ili wewe unayeanza Novemba hii usipite njia ndefu niliyopita mimi.

Utafiti wangu ulihusu wakulima wadogo wa korosho katika kata ya Malolo, wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Nilitaka kujua kaya zinatumia kiasi gani kupulizia salfa dhidi ya ubwiriunga, na kama wanaopulizia mara nyingi zaidi huvuna zaidi. Katika ratiba ya kwanza niliandika kwamba Julai ningeangalia upuliziaji, kisha ningepima mavuno ya msimu huohuo na kukusanya tasnifu tarehe 31 Oktoba. Nilipoipeleka kwa msimamizi wangu, aliisoma dakika mbili tu.

"Sasa kijana, korosho zenyewe zinavunwa lini?"

"Kuanzia Septemba mwishoni, Dokta, mpaka Desemba."

"Na wewe unakusanya Oktoba. Hayo mavuno utayapima kwa macho ya nani?"

Nilikosa jibu. Nilikuwa nimepanga kwa kalenda ya chuo nikasahau kalenda ya mkorosho. Wilaya jirani ya Nachingwea ina kumbukumbu ya kosa la namna hii. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa bajeti ya pauni milioni 25. Mpango ulichorwa mezani kabla udongo na mvua havijajaribiwa vya kutosha, na mwaka 1951 ulifungwa ukiwa umekula takribani pauni milioni 36. Mimi nilikuwa na milioni moja na laki nane za shilingi, kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kurudia somo hilo.

Panga kutoka mwisho kurudi mwanzo

Dokta aliniambia nichukue karatasi, niandike 31 Oktoba chini kabisa, kisha nipande juu mwezi kwa mwezi. Hii ndiyo iliyotoka:

- Oktoba: marekebisho ya mwisho, kipimo cha kunakili, kuchapa na kujalidi.
- Septemba: rasimu nzima iko kwa msimamizi. Wiki tatu ni zake, moja ni yangu.
- Agosti: kusafisha data, uchambuzi, sura ya matokeo.
- Julai: uwandani.
- Mei na Juni: vibali, huku naandika sura ya pili na ya tatu.
- Machi na Aprili: kurekebisha andiko, kamati ya maadili, dodoso.
- Februari: kutetea andiko mbele ya idara.
- Novemba hadi Januari: kuandika andiko.

Ukipanga hivi unaona jambo moja haraka: mwezi wa uwandani haujichagulii. Kwangu ni Julai tu iliyobaki. Kwa hiyo swali la utafiti ndilo lililotakiwa kubadilika. Badala ya kupima mavuno ya msimu huu, niliamua kuuliza upuliziaji na mavuno ya msimu uliopita, na kuyalinganisha na stakabadhi za mauzo ambazo mkulima hupewa anapopeleka korosho kwenye chama cha msingi. Upuliziaji wa Julai ningeuona kwa macho ili nijue wakulima wanamaanisha nini wanaposema "nimepiga mara tatu".

Julai ilifaa kwa sababu nyingine pia. Mvua za kusini zimeshakatika, bodaboda inapita. Ufuta umeshavunwa. Na wakulima wako kwenye salfa, kwa hiyo kumbukumbu ya gharama iko karibu. Lakini ina sharti lake. Salfa ya unga hupulizwa alfajiri na asubuhi mapema, kukiwa na umande wa kuishika kwenye maua na upepo haujaanza. Ukienda saa mbili asubuhi na dodoso lako, utakuta nyumba ina watoto tu. Mama mmoja aliniambia siku ya majaribio, "Mwanangu, asubuhi sisi tuko na mashine. Njoo tukishaoga." Tangu hapo tulihoji kuanzia saa tano.

Bei ya siku moja

Sharti hilo la asubuhi ndilo lililoamua bajeti. Dodoso langu la kwanza lilichukua dakika 50. Kwa kuanza saa tano, na kutembea kutoka nyumba hadi nyumba, mtu mmoja aliweza kuhoji kaya nne kwa siku. Tulikuwa watatu, mimi na wasaidizi wawili, yaani kaya 12 kwa siku. Nilitaka kaya 120, hivyo siku 10.

Siku za uwandani si siku za kuhoji peke yake. Niliweka siku 1 ya safari ya kwenda, 3 za kuripoti ofisi za mkoa, wilaya, kata na vijiji, 3 za kuwafundisha wasaidizi, kujaribu dodoso kijiji kisicho kwenye sampuli na kulirekebisha, 10 za kuhoji, 2 za akiba na 2 za kuaga na kurudi. Jumla 21.

Bajeti ikawa hivi:

- Posho ya wasaidizi: watu 2, siku 13, 25,000 kwa siku: 650,000
- Malazi na chakula changu: siku 21, 30,000 kwa siku: 630,000
- Bodaboda: watu 3, siku 11, 10,000 kwa siku: 330,000
- Nauli za mabasi na kuzunguka maofisini: 160,000
- Bando na betri za akiba za simu: 90,000
- Dodoso 20 za karatasi, simu zikizima: 16,000
- Kuchapa rasimu na kujalidi nakala za mwisho: 196,000
- Dharura, asilimia 10: 207,200

Jumla shilingi 2,279,200. Nilikuwa na 1,800,000. Upungufu ni 479,200.

Hapa ndipo wengi wetu tunakata vibaya. Tunafuta dharura na siku za akiba, kwa sababu ndivyo vinavyoonekana kama mafuta ya ziada. Mimi nilitafuta kwanza siku moja ya kuhoji inakula kiasi gani. Wasaidizi 50,000, mimi 30,000, bodaboda 30,000: jumla 110,000. Ukiongeza asilimia 10 ya dharura inakuwa 121,000. Kwa hiyo siku nne zikipungua, zinaondoka 484,000 na upungufu umekwisha.

Kukata siku nne kwa mwendo wa kaya 12 kungeniacha na kaya 72. Nilirudi kwenye dodoso. Nilichukua kila swali nikaliuliza: wewe unajibu lengo lipi? Maswali ya mifugo, vikoba na aina ya paa yalikuwa mazuri, lakini hayakuwa na lengo. Yakaondoka. Dodoso likashuka hadi dakika 35, kila mtu akaweza kaya tano kwa siku, sisi watatu 15. Siku sita zikanipa kaya 90, na bajeti ikawa 1,795,200.

Je, nilipoteza nini? Kwa swali la asilimia, mfano wangapi walipulizia mara tatu au zaidi, sampuli nasibu ya 120 ina ukingo wa makosa wa pointi 9 hivi kila upande. Kwa 90 ni kama pointi 10. Hiyo ni hasara ndogo. Pale inapouma ni ukitaka kugawa kaya katika makundi manne au matano, maana kila kundi linabaki na watu wachache mno. Kwa hiyo nililinganisha makundi mawili tu, na nikaliandika hilo kwenye andiko kabla ya kwenda, sio baada ya kurudi.

Kilichoharibika

Vitu vitatu viliharibika.

Cha kwanza ni barua, na kosa lilikuwa langu. Kwenye maombi ya kibali niliandika "Malolo, Nachingwea". Malolo ziko kadhaa nchini, ipo ya Kilosa na ipo ya Tabora, na Nachingwea ni jina la wilaya jirani, pia ni jina la kata ndani ya Ruangwa. Barua ikatoka ikielekezwa wilaya isiyo yangu. Kuirudisha na kupata nyingine kulikula siku 11. Kwa kuwa vibali nilivipa miezi miwili, Julai haikuguswa. Andika mkoa, wilaya, kata na kijiji kwa mpangilio huo, kila mahali.

Cha pili ni msiba. Siku ya nne ya kuhoji kulikuwa na mazishi kijijini, na siku ile hahojiwi mtu. Tulikwenda kuzika kama watu wengine. Siku mbili baadaye msaidizi mmoja akaamka na homa, tukasimama. Siku mbili za akiba zikaisha hapo. Ningekuwa nimezifuta, ningerudi na kaya 60.

Cha tatu kilikuwa kwenye data yenyewe. Stakabadhi zilionyesha kilo chache mno kwa baadhi ya kaya. Mzee mmoja mwenye miti zaidi ya 70 iliyopuliziwa vizuri alikuwa na stakabadhi ya kilo 80. Sehemu ya korosho ilikuwa imeuzwa kwa kangomba, nje ya chama, na kwa kuwa biashara hiyo imekatazwa, hakuna anayeitaja kwa mgeni mwenye simu ya dodoso. Nililigundua jioni ya kwanza, kwa sababu tulikuwa tunapitia majibu kila siku kabla ya kulala. Kesho yake tukabadilisha mpangilio: kwanza tunauliza magunia yaliyotoka shambani, mauzo baadaye, na hatuulizi yaliuzwa kwa nani. Hata hivyo, katika tasnifu nimesema wazi kwamba mavuno yangu ni makadirio ya mkulima, na stakabadhi zinaonyesha kiwango cha chini tu.

Nilirudi chuoni Julai 26 nikiwa na kaya 88, kwani mbili zilikataa katikati ya mahojiano na hiyo ni haki yao. Mfukoni nilibaki na 41,000. Septemba msimamizi alikaa na rasimu wiki nne badala ya tatu, ikabidi marekebisho yangu yaingie Oktoba. Tarehe 31 saa nane mchana nikakabidhi nakala. Karatasi ile yenye "31 Oktoba" chini kabisa bado iko ukutani chumbani kwangu, na anayetaka kuipiga picha aje.